Hiyo 🍑 kwenye tangazo la maembe

"Mi nauza matunda Kirumba, emoji ya tunda si tunda tu? Mwenye mawazo machafu ni huyo anayeiona vingine."

Hapana dada, shida sio mawazo ya mtu mmoja. Hiyo 🍑 kwanza sio embe, ni pichi, na mkunjo wake wa katikati umefanya watu dunia nzima waitumie kumaanisha makalio, tena 2016 Apple walijaribu kuichora upya isifanane hivyo, watumiaji wakalalamika mpaka ikarudishwa. Bilinganya 🍆 ndo uume kabisa, mwaka 2015 Instagram waliizuia kwenye utafutaji wa hashtagi.

Sasa angalia posti yako: "Laini, tamu, njoo inboksi 🍑💦". Kinachokuponza ni mchanganyiko, maana Meta, wenye Facebook na Instagram, nao wanaangalia emoji za aina hiyo zikikaa pamoja na maneno ya kuita watu inboksi, posti inaweza kufutwa na wewe ulikuwa unauza maembe tu jamani!

Weka 🥭, ndo embe lenyewe, lipo tangu 2018. Toa hayo matone, andika "maembe", bei ya ndoo, na picha ya mzigo wenyewe. Bilinganya ukiuza, picha halisi inatosha, emoji achana nayo.