Barua ya kuomba udhamini wa shindano la urembo: kampuni inanunua nini?

Barua ya kuomba udhamini ni barua rasmi ambayo waandaaji wa shughuli huiandikia kampuni. Ndani yake hutaja wanachohitaji, iwe fedha au bidhaa, kisha hutaja kampuni itapata nini, yaani jina lake litaonekana na kusikika wapi, mara ngapi na mbele ya watu gani. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoitenga na barua ya mchango. Anayechangia harusi au msiba hadai kitu. Mdhamini anadai, na ni haki yake. Hata mhasibu wa kampuni haweki mambo haya mahali pamoja: matangazo ni gharama ya biashara, ilhali zawadi ya hisani ina masharti yake kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato. Akisoma "tunaomba mtusaidie", barua inaingia faili la misaada, pamoja na za mashule, makanisa na misikiti, na huko hukaa muda mrefu.

Tuchukue mfano. Vijana wa Kata ya Makole, jijini Dodoma, wanaandaa shindano la urembo la kata. Kuna warembo 12, ukumbi wa watu 300 na tiketi ya shilingi 5,000. Wameamua kuiandikia kampuni ya hapa hapa mjini inayouza vitambaa na kushona sare za ofisi.

Uamuzi huo una maana yake. Dodoma ni nchi ya zabibu, kwa hiyo wazo la kwanza la waandaaji wengi huwa ni watengenezaji wa mvinyo. Lakini shindano la kata hujaza wadogo wa warembo, majirani na wanafunzi, na pombe hairuhusiwi kuuzwa kwa aliye chini ya miaka 18. Bango la mvinyo juu ya vichwa vya watoto litawaletea maswali waandaaji na mdhamini pia. Maduka ya vipodozi nayo yanaonekana kufaa, ila ni lazima kuuliza kwanza yanauza nini. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kumpandisha binti jukwaani chini ya nembo ya krimu ya kuchubua ngozi ni kumdhuru yeye na kila anayemtazama. Kampuni ya vitambaa ni jambo jingine kabisa: bidhaa yenyewe inavaliwa na warembo, na watazamaji wanaiona ikitembea.

Mwanzo wa barua hauna ugumu. Anwani ya kikundi na tarehe hukaa juu kulia, jina la kampuni na S.L.P. yake kushoto, kisha "Ndugu Meneja" na mstari wa YAH unaotaja shindano, mahali na tarehe. Wengi wetu huendelea na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu aya mbili nzima kuhusu vipaji vya vijana. Aya hizo meneja anaziruka. Anachotafuta ni aya kama hii:

"Tunaomba shilingi 1,200,000 na doti 12 za kitenge, moja kwa kila mrembo. Kwa upande wetu, raundi ya vazi la ubunifu itaitwa kwa jina la kampuni yenu, na warembo wote watavaa mavazi yaliyoshonwa kwa vitenge vyenu. Bango lenu la mita 3 kwa 2 litakaa nyuma ya jukwaa tangu milango ifunguliwe hadi mshindi avikwe taji. Mshereheshaji atawataja mara tatu: wakati wa kufungua, kabla ya raundi ya ubunifu na kabla ya kutangaza mshindi. Nembo yenu itakuwa kwenye mabango madogo 150 yatakayobandikwa kwenye saluni za Makole, Chang'ombe na Area D wiki tatu kabla ya siku. Hatutachukua muuza vitambaa mwingine yeyote kuwa mdhamini."

Kila ahadi katika aya hiyo inaweza kukaguliwa. Meneja anaweza kumtuma mtu apite saluni na kuhesabu mabango. Linganisha na "kampuni yenu itatangazwa kwa kiwango kikubwa". Hapo hakuna cha kuhesabu, na siku ya siku mshereheshaji akiwataja mara moja tu, kila upande utaona uko sahihi. Maneno ya mshereheshaji yaandikwe kabisa kwenye kadi na kampuni iyaone mapema, maana ukumbi ukichangamka, kitu cha kwanza kusahaulika ni jina la mdhamini. Nembo nayo iombwe kwa faili lenyewe, si kwa kupiga picha kibao cha dukani. Ikichapishwa na rangi zilizopauka, ahadi imevunjika hata kama bango limetundikwa.

Sentensi ya mwisho, ile ya kutochukua muuza vitambaa mwingine, mara nyingi ndiyo yenye thamani kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Lakini ndiyo inayovunjwa kirahisi. Mwanakamati mmoja anakubali bango la fundi nguo rafiki yake, linatundikwa mlangoni, na mdhamini analiona akiingia ukumbini. Ni vizuri mtu mmoja tu kwenye kamati awe na idhini ya kukubali wadhamini.

Kuna kikomo pia cha kinachoweza kuahidiwa. Ukumbi ni wa watu 300, basi barua iseme watu 300, na ieleze ni akina nani: wengi ni wanawake vijana na mama zao, wakazi wa kata zinazofika dukani kwa bodaboda. Ukiandika "Dodoma nzima", meneja anajua ukumbi huo unachukua watu wangapi. Ataanza kuitilia shaka hata idadi ya mabango.

Viambatisho ni viwili vya lazima. Kwanza ni kibali. Mashindano ya urembo yanasimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kwa mambo ya vibali mtu wa kuanza naye ni afisa utamaduni wa jiji. Kampuni makini haitundiki nembo yake kwenye shughuli inayoweza kuzuiwa. Pili ni bajeti ya ukurasa mmoja. Hapo meneja ataona kwamba tiketi zote zikiuzwa ni shilingi 1,500,000, na pengo lililobaki linatoka wapi. Malipo yaelekezwe kwenye akaunti ya kikundi. Namba ya simu ya mwenyekiti ikiwekwa kama njia ya kulipia, barua nyingi huishia hapo. Mwishoni iahidiwe taarifa ndani ya siku kumi baada ya shindano: picha za bango na za kila raundi, idadi ya tiketi zilizokatwa na orodha ya saluni zilizobandikwa mabango.

Barua ipelekwe miezi miwili kabla, kwa mkono, na nakala ya kikundi igongwe mhuri wa kupokelewa. Jibu likija, mara nyingi si ndiyo wala hapana. Kampuni inaweza kusema: vitenge tutatoa vyote, fedha ni 500,000. Hapo waandaaji wengi hushukuru na kuacha ahadi zote zilivyo, na hilo linawaumiza wadhamini wengine waliolipa kamili. Inafaa kupunguza na upande wa pili. Raundi isiitwe kwa jina lao, mshereheshaji awataje mara mbili badala ya tatu, bango libaki, na nafasi ya pekee ya muuza vitambaa ibaki kwa sababu warembo bado wanavaa vitenge vyao. Makubaliano hayo mapya yaandikwe upya kwenye ukurasa mmoja na pande zote mbili zitie saini kabla kitenge cha kwanza hakijakatwa.