Je, wajua namna ya kumwachia kazi mwenzako anayeamka wewe ukilala?

"Mimi na mwenzangu tunaandika programu moja, lakini nikifunga kompyuta ndipo yeye anaamka. Niache nini ili aendelee bila kunisubiri?"

Mwachie msimbo mahali anapoweza kuufikia, maelezo yanayotenganisha ulichokiona na unachokidhania, na amri moja atakayoiendesha kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Mengine ni nyongeza.

Ili kuona uzito wa jambo lenyewe, fanya hesabu ya saa. Tuseme wewe uko UTC+3 na mwenzako yuko UTC-8, na kila mmoja anafanya kazi kuanzia 09:00 hadi 17:00 za kwake. Ukizigeuza kuwa UTC, siku yako ni 06:00 hadi 14:00, na yake ni 17:00 hadi 01:00. Hamkutani hata dakika moja. Anafungua kompyuta, anasoma ujumbe wako, haelewi neno moja, anakuuliza saa 17:15 UTC. Wewe unaliona swali saa 06:00 na kulijibu kwa sekunde kumi. Naye analisoma jibu saa 17:00, karibu saa 24 tangu aulize. Jibu likizaa swali la pili, siku nyingine imekwenda. Katika timu inayokaa chumba kimoja, swali la namna hiyo lingeisha kwa kugeuza kiti.

Kwa hiyo kazi ya anayeondoka ni kuyawahi maswali. Anza na msimbo wenyewe, maana hapo ndipo watu wengi huanguka, nami nikiwamo. Niliwahi kumwandikia mwenzangu maelezo mazuri ya ukurasa mzima, kisha nikalala. Mabadiliko yote yalikuwa ndani ya `git stash`. Kinachowekwa humo hubaki kwenye kompyuta yako. `git push` ya kawaida haikipeleki popote. Mwenzangu alipata hadithi bila msimbo. Ni afadhali kuweka kazi isiyokamilika kwenye tawi lake na kuisukuma ilivyo, na kasoro zake:

```
git status
git switch -c kazi/stakabadhi-mbili
git add -A
git commit -m "WIP: jaribio linaanguka makusudi, usiunganishe"
git push -u origin kazi/stakabadhi-mbili
```

Amri ya kwanza haipo kwa mapambo. `git add -A` hukusanya kila kitu kipya kisichozuiwa na `.gitignore`, na saa ya kuondoka ndiyo saa ya kusukuma faili lenye nywila bila kujua. Lipo pia tatizo la upande wa pili: faili lililozuiwa, kwa mfano `.env`, halitasafiri. Kama uliongeza kigezo humo mchana, taja jina lake kwenye maelezo na useme thamani yake inapatikana wapi. Thamani yenyewe usiiandike.

Umeona pia neno "linaanguka makusudi". Jaribio linaloanguka ni alama nzuri kuliko aya tatu za maneno. Linamwonyesha anayepokea mahali hasa uliposimama na kazi itakapohesabiwa kuwa imekwisha. Kama huna muda wa kuandika kitu kingine, andika hilo.

Sasa tuchukue kisa kimoja tukifuate. Wateja wanalalamika kwamba mara nyingine wakinunua wanapata stakabadhi mbili kwa barua pepe. Umehangaika nalo siku nzima, na jioni unaandika hivi: "Nimeangalia ile shida ya barua pepe. Nadhani ni foleni. Nimekaribia kumaliza, tutaendelea kesho."

Kila sentensi hapo inazaa swali. Ipi "ile"? Unadhani kwa kuona nini? Umekaribia kumaliza kutafuta chanzo, au kurekebisha? Na kesho ya nani? Kisa kilekile kingeweza kuandikwa hivi:

"Stakabadhi hutumwa mara mbili pale PDF inapochukua zaidi ya sekunde 30 kutengenezwa. Nimeliona hilo kwenye logi za oda 4 nilizozikagua, zote 4. Foleni yetu huuficha ujumbe uliochukuliwa kwa sekunde 30. Muda huo ukipita kabla kazi haijaisha, humpa mfanyakazi mwingine, yaani programu nyingine inayochukua kazi kwenye foleni, ujumbe uleule. Sijathibitisha kama hiki ndicho chanzo pekee. Si mteja kubofya mara mbili: namba ya oda ni moja katika barua zote mbili. Kwenye seva ya majaribio nimepandisha muda kutoka sekunde 30 hadi 120 saa 11:40 UTC, na sijaurudisha. Anza na `pytest tests/test_stakabadhi.py -k mara_mbili`. Litaanguka na kusema `assert 2 == 1`. Likipita, mazingira yako hayafanani na yangu. Linganisha kwanza kigezo cha `KUCHELEWA_PDF`. Njia ninayoipendelea ni kuhifadhi namba ya oda kabla ya kutuma, na kukataa kutuma ikiwa tayari ipo. Ukiona sababu ya kwenda njia nyingine, nenda, usinisubiri. Ila usiguse seva ya wateja kabla ya 06:00 UTC."

Si maelezo marefu, lakini tazama yanavyozuia maswali. "Nimeliona" na "sijathibitisha" zimetengana, kwa hiyo mwenzako anajua ni wapi akanyage kwa nguvu na ni wapi apapase. Njia iliyokwisha kukataliwa imetajwa pamoja na sababu yake. Bila hiyo, wazo la mteja kubofya mara mbili lingemjia na yeye, kwa kuwa ndilo humjia kila mtu kwanza, naye angepoteza asubuhi yake pale pale ulipopoteza yako.

Sentensi ya seva ya majaribio ndiyo ninayoiona ikisahaulika kuliko zote. Msimbo una historia yake ndani ya git. Mipangilio uliyoibadilisha kwa mkono haina. Mwenzako angejaribu kulirudia tatizo kwenye seva ile, akute stakabadhi moja tu kila mara, aamini limekwisha. Na kumbe ni ile 120 yako. Vivyo hivyo kwa kitu chochote ulichokiacha kinatembea: uhamishaji wa data unaoendelea, jedwali lililofungwa, kazi ya foleni uliyoisimamisha. Andika kilianza saa ngapi, kinatarajiwa kuisha saa ngapi, na namna ya kukizima.

Hata pendekezo la njia ya kurekebisha lina sababu inayofaa kutajwa. Kupandisha muda kunasogeza mpaka tu: PDF ya sekunde 130 italirudisha tatizo. Tena mfanyakazi anaweza kuzimika baada ya kutuma barua na kabla ya kuifuta kazi kwenye foleni, na foleni itaitoa upya hata kama muda ni saa nzima. Foleni nyingi huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, hazikuahidi mara moja tu. Mwenzako akijua kwamba hiyo ndiyo hoja yako, anaweza kuipinga kwa haki. Asipoijua, atakuuliza, na tumeshaona swali linagharimu nini.

Kuhusu saa, sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu. Ukiandika "saa tatu asubuhi", wewe una maana ya 09:00, na mwenzako aliyezoea kuhesabu kutoka usiku wa manane anaweza kusoma 03:00. Halafu zipo nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, hivyo yule wa UTC-8 huwa UTC-7 kwa miezi kadhaa. UTC haisogei. Andika saa kwa tarakimu nne na UTC baada yake, na maneno kama "leo jioni" uyaache nje ya makabidhiano.

Utajuaje kama ulichoacha kinatosha? Kuna kipimo cha dakika tano. Fungua nakala safi ya kile ulichokisukuma, kwenye folda nyingine, uendeshe amri uliyoiandika:

```
git worktree add ../kagua origin/kazi/stakabadhi-mbili
cd ../kagua
pytest tests/test_stakabadhi.py -k mara_mbili
```

Folda hiyo ina vile tu vilivyomo ndani ya git. Jaribio likilalamika kwamba faili fulani halipo, mwenzako naye angekwama hapohapo, isipokuwa yeye angekwama wewe ukiwa usingizini. Kipimo hiki hakioni kila kitu, kwa sababu maktaba na hifadhidata za kompyuta yako bado zinatumika, lakini hunasa makosa mengi ya haraka ya jioni. Ndiyo maana inafaa kuacha kuandika msimbo nusu saa kabla ya muda wa kuondoka. Ukisukuma dakika ya mwisho, hutakuwa na muda wa kupima.

Upande wa anayepokea, kazi ni ndogo lakini ina mpangilio. Aendeshe ile amri kabla ya kusoma msimbo. Matokeo yakilingana na yaliyoandikwa, aandike "nimepokea" pamoja na namba ya komiti aliyoanzia, anayoipata kwa `git rev-parse --short HEAD`. Kuanzia hapo kazi ni yake. Bila neno hilo, huenda ukaamka ukadhani hakuna aliyeigusa, ukaendelea kutoka ulipoishia jana, mkajikuta na matawi mawili yanayorekebisha kitu kimoja kwa njia mbili.

Si kila kazi inafaa kuvushwa, hata hivyo. Ukiona maelezo yanaelekea kuwa marefu kuliko marekebisho yenyewe, au bado hujaamua sehemu za mfumo zikae vipi, baki nayo na umpe mwenzako kitu kingine. Wazo lisilokomaa huharibika likibebwa na maandishi. Na kazi ikishapita mikononi mwenu mara tatu bila komiti mpya zaidi ya maelezo yanayozidi kurefuka, mpeni mmoja wenu aimalize peke yake, hata kama itachukua siku mbili za kwake.