Tano ya Fimbo kwa wapenzi wanaozozana kila siku

Katika taroti, karata za picha zinazotumika kubashiri, Tano ya Fimbo ni karata ya mzozo usio na mshindi. Ikitokea kwenye mpangilio wa karata uliowekwa kwa ajili ya watu wawili wanaokwaruzana kila uchao huku bado wanapendana, mara nyingi muulizaji hushtuka akidhani ameambiwa waachane. Karata haisemi hivyo, na picha yake yenyewe inaonyesha kwa nini.

Picha inayojulikana zaidi ilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, katika karata zilizotolewa London mwaka 1909. Vijana watano, kila mmoja na vazi lake, wameinua fimbo ndefu zinazopishana hewani. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba hakuna damu, hakuna aliyeanguka, na mbingu ni safi. Waite mwenyewe aliieleza kuwa ni vita vya kuigiza. Wapo hata wasomaji wa karata wanaoona kwamba vijana hawa wanajaribu kujenga kitu kwa fimbo hizo, ila kila mmoja ana ramani yake kichwani.

Linganisha na Tano ya Panga. Huko mbingu zimechafuka, mmoja amekusanya panga huku akitabasamu, na wawili wanaondoka wameinamisha vichwa. Huo ni ugomvi ambao mtu ameshinda na uhusiano umeumia. Wapenzi wanaorushiana maneno ili kukomoana huangukia huko. Wale ambao kila mmoja anataka tu asikike hupata fimbo, na fimbo ni kundi la moto: hamu, ari, na hasira inayowaka upesi. Moto bado upo. Aliyechoka kabisa huonekana zaidi kwenye Nane ya Vikombe, ambapo mtu amevipa mgongo vikombe vyake na kwenda zake.

Nafasi yake katika kundi nayo ina maana. Kabla yake ipo Nne ya Fimbo, yenye shada la maua juu ya nguzo nne na watu wanaoshangilia: karata ya nyumba na sherehe. Tano inafuata pale shangwe zinapokwisha na watu wanapaswa kuishi pamoja. Nani anaamua, nani anafanya nini, kwa utaratibu wa nani? Ndiyo maana kwenye swali la mapenzi mimi huisoma kama ugomvi wa utaratibu wa maisha, mara chache kama ugomvi wa moyo.

Tuchukue mfano wa karata nne. Mwanamke anauliza kwa nini yeye na mumewe hawamalizi siku bila kubishana. Karata ya hali iliyo kati yao ni Tano ya Fimbo. Kinachowashikilia ni Mbili ya Vikombe, watu wawili wakipeana vikombe uso kwa uso, kwa hiyo upendo hauna shaka. Chanzo ni Kumi ya Fimbo: mtu amekumbatia mzigo wa fimbo hadi haoni mbele. Ushauri ni Tatu ya Sarafu, ambapo fundi amesimama kazini na wawili wanazungumza naye, mmoja ameshika mchoro.

Hapa msomaji mvivu atasema "wagombanao ndio wapatanao" na kufunga karata. Lakini Kumi imeeleza jambo mahususi: kuna mmoja aliyeelemewa, na vyombo visivyooshwa au simu isiyopokelewa ni kisingizio tu cha kulisema hilo. Mpangilio hausemi ni nani, kwa hiyo swali la kumrudishia muulizaji ni hili: kati yenu, nani anabeba kazi ambayo mwenzake haioni? Kisha Tatu ya Sarafu inapendekeza wakae wakati hakuna aliyekasirika, waandike kazi zote na kugawana upya. Kuambiwa "mpendane zaidi" hakungewafaa kitu, maana wanapendana tayari.

Kosa linalojirudia ni muulizaji kutafuta yeye ni kijana yupi na mwenye makosa ni yupi. Picha haina kiongozi wala mchokozi. Ukimpa mmoja lawama, umeutoa ugomvi kwenye fimbo na kuupeleka kwenye panga.

Ikitoka kichwa chini, angalia majirani zake kabla ya kufurahi. Ikiwa karibu na karata ya Kiasi, yule malaika anayemimina maji toka kikombe hadi kikombe, huenda kelele zinapungua kweli. Ikiwa karibu na Nne ya Vikombe, kijana aliyekunja mikono asiyetaka kikombe anachopewa, basi mmoja amenyamaza tu, na kwangu huo ni usomaji mzito kuliko Tano ya Fimbo iliyotoka wima.

Haya yote yanahusu watu wawili wanaoweza kujibizana bila hofu. Pale mmoja anapomwogopa mwenzake au anapopigwa, swali si la karata tena, na msomaji mwaminifu huziweka chini na kumwelekeza kwa mtu wa kumsaidia.