Sindano za plazma na kofia za leza: unalipia nini hasa?

Kabla ya kuulizia bei, mwenye nywele zinazopungua anapaswa kujua kama mizizi ya nywele zake bado ni hai. Sindano za plazma na kofia za leza zimepimwa zaidi kwa upara wa kurithi. Katika upara huo mizizi husinyaa kidogo kidogo, na nywele nzito hugeuka kuwa malaika. Mzizi uliosinyaa una nafasi ya kusaidiwa, lakini uliokwisha kugeuka kovu hauna.

Kwa wanawake wetu jambo hili ni zito zaidi. Misuko ya kubana kwa miaka mingi huua mizizi ya pembeni mwa paji. Upo pia ugonjwa wa makovu unaoanzia utosini na kusambaa kuelekea nje, na huwapata hasa wanawake weusi. Dalili zake ni ngozi laini inayong'aa, vitundu vya nywele visivyoonekana tena, na mara nyingine kuwashwa au kuungua. Ukiona hivyo, daktari wa ngozi akate kipande kidogo cha ngozi, kama milimita 4, kikapimwe maabara. Kliniki inayokupangia sindano bila hata kuigusa ngozi ya kichwa chako imeruka hatua ya kwanza.

Plazma yenyewe, ambayo matangazo huiita PRP, hutokana na damu yako. Huchotwa mililita 10 hadi 60 kutegemea vifaa, zikaingizwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, kisha zikazungushwa kwa kasi kwenye mashine. Chembe nyekundu huzama chini, plazma ya manjano hubaki juu, na katikati hujitenga utando mwembamba mweupe. Chembe sahani zinazotafutwa, zile zinazosaidia damu kuganda, hujikusanya karibu na utando huo. Fundi akivuta plazma ya juu kabisa tu, anakuchoma maji yenye chembe chache. Lengo la kawaida ni chembe mara tatu hadi tano ya zilizomo kwenye damu yako, kwa hiyo uliza kama kliniki huzihesabu. Kisha daktari huchoma matone madogo kwenye eneo lililopungua, takriban kila sentimita moja. Ratiba iliyozoeleka ni mara tatu, mwezi mmoja kati ya moja na nyingine, halafu marudio kila miezi mitatu hadi sita.

Je, inafanya kazi? Majaribio mengi yameonyesha ongezeko la nywele, ila mengi yana watu wachache, na kila kikundi kiliandaa plazma kwa namna yake. Mengine hayakuona tofauti na maji ya chumvi. Maumivu na uvimbe wa siku chache ni kawaida. Hatari kubwa ni uchafu. Huko Albuquerque, Marekani, wateja wa saluni isiyo na leseni iliyotumia plazma kwa uso waliambukizwa VVU. Wachunguzi walikuta chupa za damu zisizo na majina kwenye friji ya jikoni, pamoja na vyakula. Sindano ifunguliwe mbele yako, na chupa iandikwe jina lako kabla damu haijachotwa.

Kofia ya leza hutumia mwanga mwekundu dhaifu, kwa kawaida wa nanomita 650 hivi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilitumia kitana cha mwanga huo mara tatu kwa wiki, kwa wiki 26. Waliotumia kitana halisi waliongeza wastani wa nywele 18 hadi 26 kwa sentimita ya mraba. Waliopewa cha bandia, 2 hadi 9. Faida ipo, ingawa ni ya wastani, na mtengenezaji ndiye aliyegharamia jaribio.

Matangazo husema kifaa "kimeruhusiwa na FDA", yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani. Mara nyingi ruhusa hiyo humaanisha tu kwamba kifaa hakitofautiani sana na kingine kilichoko sokoni. Tena vifaa kadhaa viliruhusiwa kwa ngozi nyeupe hadi ya kahawia ya wastani tu. Ngozi nyeusi hunyonya mwanga zaidi, na watu weusi walikuwa wachache katika majaribio, kwa hiyo matokeo hayo tusijihesabie moja kwa moja. Wigi au misuko minene nayo huziba mwanga usifike kichwani.

Sasa hesabu. Kwa bei za Marekani, kikao kimoja cha sindano ni kama dola 500 hadi 1,500, na kofia dola 500 hadi 3,000. Mwanamume wa miaka 35 anayepungukiwa utosini, akilipa dola 700 kwa kikao na kuchomwa mara nne mwaka wa kwanza, atatumia 2,800. Marudio mawili kila mwaka baada ya hapo ni 1,400. Kofia hununuliwa mara moja, ila huvaliwa kwa miaka, kwani faida ya vyote viwili hupotea ukiacha. Dawa ya kupaka iitwayo minoksidili ina ushahidi mzito zaidi kwa upara wa kurithi na ni nafuu sana, hivyo huyu aanze nayo. Apige picha ya utosi leo, na nyingine baada ya miezi sita, mahali palepale, mwanga uleule, nywele zikiwa kavu na za urefu uleule.