Kapita mmoja, mafundi wangapi? Dhana potofu kuhusu amri na ngazi kazini

Kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa kuna magaraji makubwa ya malori, na moja kati yake nililijua kwa ndani kwa miaka kadhaa. Lilikuwa na mafundi 64. Nitalitumia kama mfano, kwa sababu karibu kila kosa ninalosikia watu wakilisema kuhusu uongozi nililiona pale likitembea kwa miguu miwili.

Dhana: Yeyote anayekuzidi cheo anaweza kukupa amri.

Asubuhi moja fundi kijana alikuwa akirudisha gurudumu la nyuma la lori lililobeba saruji. Kapita wake alikuwa amemwambia amalize hilo kabla ya saa nne. Akapita shefu wa depo: "Mwanangu, njoo ushushe piyesi, gari la mzigo linasubiri." Kijana akaacha. Hajarudi bado, ndugu wa patroni akamtuma kuosha gari dogo. Dereva wa lori, akiona gurudumu limekaa mahali pake, akaliwasha. Sentineli wa getini ndiye aliyeona nati zinacheza, akapiga kelele. Nati tatu zilikuwa zimekazwa kwa mkono tu.

Mkutano wa jioni ulimlaumu kijana. Mimi sikukubali, na hadi leo sikubali. Kijana alitii watu watatu, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kuheshimiwa. Lakini heshima na amri ni vitu viwili. Umoja wa amri ni kanuni inayosema kwamba mfanyakazi hupokea amri za kazi kutoka kwa mkuu mmoja tu. Henri Fayol, injinia wa migodi wa Ufaransa aliyeongoza kampuni ya makaa ya mawe kwa muda mrefu, aliiandika waziwazi mwaka 1916. Shefu wa depo akihitaji mikono, anamwomba kapita. Kapita ndiye anayejua kazi gani inaweza kusimama na ipi haiwezi. Muzee wa idara nyingine utamwamkia, utampisha kiti, lakini utamjibu: "Papa, mwambie kwanza kapita wangu." Kiongozi mwenye busara huwafundisha mafundi wake jibu hilo, kisha huwalinda wanapolitumia.

Dhana: Mlolongo wa amri unakataza kuzungumza na idara nyingine bila kupanda hadi juu.

Hili ndilo kosa la upande wa pili, na huja mara tu baada ya watu kuuelewa umoja wa amri. Baada ya kisa cha nati, garaji likaamua kila kitu kipite ngazini. Fundi akitaka kujua kama depo ina bitana za breki, alimwambia kapita, kapita akamwambia shefu wa seksheni, shefu akamwambia direkta, direkta akamuuliza shefu wa depo, na jibu likashuka njia ileile. Swali la dakika mbili lilikula asubuhi nzima. Mara nyingine jibu lilirudi limebadilika: namba ya bitana imesahaulika njiani.

Fayol mwenyewe alikuwa ameliona tatizo hilo, akapendekeza daraja: watu wawili wa ngazi moja katika idara tofauti wazungumze moja kwa moja, mradi wakuu wao wamewaruhusu na wanajulishwa walichokubaliana. Wasipoafikiana, jambo linarudi ngazini. Kwa hiyo kapita wa breki anaweza kumpigia simu mtunza depo. Habari hupita darajani. Amri hubaki ngazini.

Dhana: Ukipunguza ngazi, gharama inapungua, basi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipo. Mishahara nitakayotaja ni ya kurahisisha hesabu tu.

Idadi ya watu wanaoongozwa moja kwa moja na mkuu mmoja huitwa upana wa usimamizi. Garaji lilianza na upana wa 4: mafundi 64, makapita 16, mashefu wa seksheni 4, direkta 1. Viongozi 21. Huo ni muundo mrefu, na habari ya fundi hukabidhiwa mara tatu kabla ya kufika juu. Ukiupanua upana hadi 8, makapita ni 8 na direkta ni 1. Viongozi 9, na habari inakabidhiwa mara mbili tu. Huo ndio muundo bapa. Zimefutwa nafasi 8 za kapita na 4 za shefu. Kapita akilipwa dola 350 na shefu 600, umeokoa dola 2,800 na 2,400, jumla 5,200 kwa mwezi.

Patroni akiona hesabu hiyo hulala usingizi mzuri. Lakini tuangalie siku ya kapita. Fundi wa matairi na oili anahitaji kama dakika 20 za kapita kwa siku: kukagua, kusaini karatasi ya piyesi. Mafundi 8 ni dakika 160, saa mbili na dakika arobaini. Sawa kabisa. Fundi wa giaboksi au breki anahitaji dakika 45, kwa sababu kila lori lina ugonjwa wake na kapita lazima aweke mkono. Mafundi 8 ni saa sita. Katika siku ya saa nane, zimebaki mbili za kuzungumza na wateja, kusubiri umeme urudi, na kila dharura. Mafundi watapanga foleni. Ikiwa kila mmoja kati ya mafundi 32 wa kazi hizo ngumu anasimama saa moja kwa siku, umelipa siku nne za fundi, kila siku, kwa kusimama. Na lori la mteja linasimama pamoja nao, kitu ambacho hakimo kwenye daftari la mishahara.

Kwa hiyo lawama ya muundo bapa na sifa yake vyote hutegemea aina ya kazi. Pale kwetu njia iliyofaa ilikuwa kuchanganya: mafundi 32 wa kazi za kurudiarudia wakapewa makapita 4, na 32 wa breki, injini na umeme wakapewa makapita 8. Makapita 12 ni wengi kwa direkta mmoja, hivyo wakabaki mashefu 2, kila mmoja na makapita 6. Viongozi 15. Akiba ni dola 2,600, nusu ya ile ya kwanza, lakini foleni ikaisha.

Dhana: Kuna namba sahihi ya watu, na ukiongeza mmoja mzigo unaongezeka kidogo tu.

Mwaka 1933 mshauri wa usimamizi V. A. Graicunas alihesabu uhusiano unaoweza kuwepo: mkuu na kila mtu, mkuu na kila kikundi, na wao kwa wao. Kwa watu 4 alipata 44, kwa 5 akapata 100, kwa 8 akapata 1,080. Si kwamba kapita atashughulika na yote 1,080. Mafundi wa matairi wanaofanya kazi kila mmoja peke yake bila kutegemeana hawagusi hata sehemu ndogo yake. Ila wanaoshikilia injini moja kwa pamoja huigusa sana.

Ukitaka kujua kama upana umezidi, usianzie kwenye mchoro wa ofisi. Simama karibu na meza ya kapita saa nne asubuhi, wiki nzima, uhesabu mafundi wanaosubiri wakiwa na karatasi mkononi.