Hundi ya tarehe ya mbele: inavyofika benki, inavyoonekana kwenye taarifa yako, na namna ya kuisimamisha

Kuna swali ninaloulizwa kwenye dawati la wateja karibu kila mwisho wa mwezi: "Niliandika tarehe ya mwezi ujao, mbona hela zimekatwa leo?" Anayeuliza huwa ameshika kishina cha kitabu cha hundi, na tarehe ameiandika wazi kabisa. Hajakosea. Kilichomponza ni kuamini kwamba tarehe ile ni kufuli.

Tarehe si kufuli. Ni agizo ulilompa benki wako, kwamba asilipe kabla ya siku hiyo, na agizo hilo linafanya kazi pale tu mtu anapoliona. Nitaeleza kwa utaratibu wa hapa Kenya, kwa mfano wa fundi wa sare za shule wa Likoni. Mwezi Machi anachukua vitambaa vya shilingi 540,000 kwa muuzaji wa jumla wa Mtaa wa Biashara, Mombasa. Hana pesa taslimu, kwa hiyo anaandika hundi tatu za shilingi 180,000 kila moja: namba 000411 ya tarehe 15 Machi, 000412 ya tarehe 15 Aprili, na 000413 ya tarehe 15 Mei. Zote tatu anamkabidhi muuzaji siku hiyo hiyo.

Hundi hizo ni halali. Sura ya 27 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 13, inasema hundi haibatiliki kwa sababu tu imeandikwa tarehe ya mbele, ya nyuma, au ya Jumapili. Kwa hiyo tangu dakika ile muuzaji ana karatasi tatu halali kwenye droo yake, na fundi hana tena namna ya kujua lini droo itafunguliwa.

Tuseme Jumanne, tarehe 15 Aprili, karani wa muuzaji anachukua hundi za kupeleka benki. Namba 412 na 413 zimebanwa kwa pini moja, naye anazipeleka zote. Keshia wa benki ya muuzaji ndiye jicho la kwanza. Akisoma tarehe ya 413 ataikataa pale kaunta, au ataipokea kwa kuihifadhi mpaka siku yake ifike, kama benki hiyo ina huduma hiyo. Foleni ikiwa ndefu anaweza kuipitisha.

Ikishapita, hundi yenyewe haisafiri. Tangu mwaka 2011 kinachosafiri ni picha yake pamoja na taarifa zilizosomwa na mashine. Chini ya kila hundi kuna mstari wa namba zilizochapwa kwa wino wa sumaku, zenye namba ya hundi, namba ya benki na tawi, na namba ya akaunti. Tarehe haimo kwenye mstari huo. Ile umeiandika kwa kalamu juu kulia, na mtu ndiye anayetakiwa kuitazama kwenye picha. Picha inapitia kituo cha kubadilishana hundi cha Nairobi hadi benki ya fundi, na hapo ndipo lilipo jicho la pili na la mwisho. Afisa anakagua saini, kiasi kwa maneno na kwa tarakimu, na tarehe. Akiona haijafika anairudisha na sababu inayosomeka POST DATED. Asipoona, pesa zinakatwa. Yote haya huchukua siku moja ya kazi hivi. Siku ya hundi ikiangukia wikendi au sikukuu, mchakato huanza siku ya kazi inayofuata, ndiyo maana 411, ambayo tarehe yake ilikuwa Jumamosi, ilikatwa baada ya hapo.

Sasa tuitazame taarifa ya akaunti ya fundi, kwa sababu watu wengi huisoma kana kwamba inajua mambo isiyoyajua. Kabla ya tarehe 15 Aprili ilionyesha salio la shilingi 396,450. Hundi mbili alizokwisha kuzitoa hazikuwemo mahali popote. Taarifa haina safu ya ahadi. Hundi huonekana inapofika benki, basi. Salio lile lilikuwa na shilingi 360,000 ambazo fundi alikwisha kumpa mtu mwingine. Baada ya hundi kufika, mistari ilisomeka hivi:

```
15/04  CHQ 000412       180,000.00   216,450.00
15/04  CHQ 000413       180,000.00    36,450.00
17/04  CHQ 000409        60,000.00   -23,550.00
17/04  UNPAID CHQ 409    60,000.00    36,450.00
```

Kila benki ina vifupisho vyake, lakini umbo ni hili. Angalia kwamba tarehe ya mstari wa pili ni 15 Aprili, siku pesa zilipokatwa. Tarehe uliyoandika kwenye hundi haionyeshwi. Ukiisoma taarifa peke yake huwezi kujua kwamba 413 ilikuwa ya Mei, na wala afisa wa benki hawezi kujua mpaka afungue picha. Njia ya kugundua ni kuweka vishina vya hundi kando ya taarifa na kulinganisha namba kwa namba. Mistari miwili ya mwisho ni hundi ya kodi ya duka, iliyokatwa kisha ikarudishwa kwa sababu pesa hazikutosha. Chini yake huja makato: ada ya hundi iliyorudi na ushuru wake.

Fundi ana madai ya haki hapa. Benki ikilipa kabla ya tarehe imelipa bila idhini ya mteja. Anatakiwa aandike barua siku hiyo hiyo, ataje 413, aombe picha ya hundi, na adai mambo matatu: shilingi 180,000 zirudishwe kwenye akaunti, ada ya hundi ya kodi ifutwe, na mwenye duka aandikiwe kwamba kosa lilikuwa la benki. Asingoje. Ikifika tarehe 15 Mei naye hajaisimamisha hundi hiyo, pesa zile zingekatwa kihalali, na dai lake la kurudishiwa linapungua nguvu. Asome pia masharti aliyotia saini alipofungua akaunti, maana baadhi ya benki huandika humo kwamba hazitawajibika zikilipa hundi ya tarehe ya mbele mapema.

Kuna sura nyingine ya kosa hilo hilo. Kama salio lingekuwa dogo, 413 ingeweza kurudishwa kwa sababu ya pesa kutotosha, ilhali sababu ya kweli ni kwamba siku yake haijafika. Ukiona hivyo, omba sababu irekebishwe kwa maandishi. Hundi iliyorudi kwa kukosa pesa inaharibu sifa yako kwa wakopeshaji; iliyorudi kwa tarehe haikuhusu wewe, ni kosa la aliyeipeleka mapema.

Tuje kwenye kuisimamisha. Kifungu cha 75 cha sheria ile ile kinasema mamlaka ya benki kulipa hundi yako yanakoma unapoizuia. Kwa hundi ya tarehe ya mbele una siku nyingi za kufanya hivyo, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Turudi nyuma, tuseme 413 bado haijapelekwa benki: nusu ya vitambaa ina madoa, muuzaji amekubali virudishwe, lakini hundi 413 haionekani dukani kwake. Fundi anajaza fomu ya kusimamisha malipo kwenye tawi lake, au kwenye simu kama benki yake inaruhusu. Anaandika namba ya akaunti, namba ya hundi, kiasi, tarehe iliyoandikwa, jina la mlipwaji na sababu, kisha anatia saini kama ilivyo kwenye kadi ya saini. Kupiga simu ni vizuri wakati wa haraka, lakini usiishie hapo, fuatisha maandishi.

Kati ya hayo yote, namba ya hundi ndiyo roho. Mwaka 1924 huko Uingereza, Bwana Hilton aliandika hundi ya tarehe ya mbele, kisha akaitumia Westminster Bank telegramu kuisimamisha. Hundi ilikuwa namba 117285. Yeye akataja 117283. Jina la mlipwaji na kiasi vilikuwa sahihi. Hundi ilipofika, benki iliona tarehe yake ni ya baada ya telegramu na namba ni nyingine, ikadhani ni hundi mpya ya kuchukua nafasi ya ile iliyozuiwa, ikalipa. Kesi ilifika hadi Baraza la Mabwana, na mwaka 1926 benki ikashinda. Mfumo wa leo ni mkali zaidi kuliko karani yule: unalinganisha namba na namba. Ukikosea tarakimu moja, hundi halisi itapita.

Kwa hiyo usitoke benki bila nakala iliyogongwa muhuri, yenye tarehe na saa. Siku hiyo au kesho yake taarifa yako itaonyesha ada ya kusimamisha, lakini mstari huo mara nyingi hautaji namba ya hundi. Unathibitisha kwamba umelipa ada tu. Namba ihakikishe kwenye nakala. Uliza pia zuio linadumu muda gani. Hundi kwa kawaida huisha baada ya miezi sita kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake, hivyo 413 iliyoandikwa Machi inaweza kuletwa benki hadi katikati ya Novemba. Zuio likiisha Septemba limekuacha wazi miezi miwili.

Kusimamisha hundi hakufuti deni. Muuzaji bado anaweza kukushtaki kwa hundi hiyo hiyo, na utatakiwa ueleze kwa nini uliizuia. Barua inayoonyesha vitambaa vilirudishwa ndiyo kinga yako. Kuna pia kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu. Kutoa hundi huku ukijua akaunti haina pesa za kutosha ni kosa, faini hadi shilingi 50,000 au kifungo hadi mwaka mmoja au vyote viwili, ila kipengele hicho cha pesa kutotosha hakiihusu hundi ya tarehe ya mbele. Watu husikia nusu hiyo wakatulia. Nusu ya pili ni kwamba kumpa mtu hundi ambayo tayari umeiagiza benki isiilipe ni kosa chini ya kifungu hicho hicho, na msamaha ule hauifikii. Na akaunti uliyoifunga vivyo hivyo.

Kama shida yako ni pesa kuchelewa, nenda kwa muuzaji kabla ya tarehe 15 Mei ukiwa na hundi mpya ya Juni. Usimpe mpaka akurudishie 413 mkononi. Ukiipata, kata mistari miwili juu yake, andika IMEFUTWA, na uibane kwenye kishina chake.