Miaka na miezi kamili: jinsi ya kuhesabu umri kutoka seli ya tarehe ya kuzaliwa

Kiswahili chetu kina neno linalobeba dhana hii yote: kutimiza. Mama akikuambia mwanawe "yuko mwaka wa tatu", mtoto huyo bado hajatimiza miaka mitatu. Ametimiza miwili na sasa anautembea wa tatu. Umri katika miaka kamili ni idadi ya miaka aliyokwisha kuitimiza mtu mpaka siku ile unayohesabu. Miezi kamili nayo ni miezi aliyoitimiza tangu siku yake ya kuzaliwa iliyopita. Siku zinazobaki hazihesabiwi, hata zikiwa ishirini na tisa.

Jambo hili linaonekana vizuri kwenye daftari la kliniki ya watoto lililohamishiwa kwenye Excel. Tuseme seli B2 ina tarehe ya kuzaliwa, 17 Agosti 2022, na C2 ina tarehe ya hudhurio, 10 Machi 2025. Ukihesabu kwa vidole, mtoto alitimiza miaka miwili tarehe 17 Agosti 2024. Kutoka hapo, mwezi wa sita ulitimia 17 Februari 2025. Wa saba utatimia 17 Machi, na hudhurio ni wiki moja kabla ya siku hiyo. Basi ana miaka 2 na miezi 6.

Njia ambayo wengi huanza nayo ni kutoa mwaka kwa mwaka:

```
=YEAR(C2)-YEAR(B2)
```

Hii inatoa 3, kwa sababu inatazama 2025 na 2022 peke yake, haijui Agosti wala Machi. Mtoto aliyezaliwa 31 Desemba akiletwa kesho yake ataonekana ana mwaka mmoja.

Njia ya pili ni kutoa tarehe kwa tarehe kisha kugawanya kwa 365. Inawezekana kwa sababu ndani ya kompyuta tarehe ni namba ya kawaida inayohesabu siku. Kinachobadilika ni sura tu inayoonyeshwa kwenye seli. Kwa mtoto wetu siku ni 936, na ukigawanya unapata 2.56. Hapa ndipo watu huteleza: ile 56 si miezi, wala 5 si miezi mitano. Ni sehemu ya mwaka. Isitoshe, miaka mirefu hujilimbikiza. Mtumishi aliyezaliwa 17 Agosti 1965, ukimpigia hesabu tarehe 10 Agosti 2025, ana miaka 59 kamili. Lakini siku 15 za Februari ndefu alizozipitia zinaifanya hesabu ya 365 itoe 60.02, na orodha itamwonyesha kuwa ameshafika umri wa kustaafu wiki nzima kabla ya siku yake. Kugawanya kwa 365.25 kunahamishia kosa upande wa pili: mtoto aliyezaliwa 17 Agosti 2022, siku anapotimiza mwaka ana siku 365, na hesabu inatoa 0.999. Ukichukua namba nzima unapata sifuri. Mwaka si kipimo kimoja kama lita. Una siku 365 au 366, na mwezi una kati ya 28 na 31. Kwa hiyo umri hauwezi kupatikana kwa kugawanya. Unapatikana kwa kutazama kama siku ile ya mwezi imeshafika.

Kazi hiyo inafanywa na DATEDIF. Excel haikupendekezei jina lake unapoanza kuandika, ndiyo maana wengi hawaijui, lakini ukiliandika lote inafanya kazi. Ipo pia kwenye Google Sheets na LibreOffice.

```
=DATEDIF(B2,C2,"Y")
=DATEDIF(B2,C2,"YM")
=DATEDIF(B2,C2,"M")
```

Ya kwanza inatoa miaka iliyotimia, yaani 2. Ya pili inatoa miezi iliyotimia baada ya kuiweka kando hiyo miaka, yaani 6. Ya tatu inatoa miezi yote tangu kuzaliwa, yaani 30. Tarehe ya kuzaliwa lazima itangulie. Ukizigeuza utaona #NUM!. Kwenye kompyuta nyingine mipangilio inataka nukta mkato badala ya koma. Kuna pia "MD" ya siku zinazobaki, lakini Microsoft wenyewe wanatahadharisha kwamba inaweza kutoa majibu yasiyo sahihi, basi iache. Ukitaka maandishi kamili kwenye seli moja:

```
="Miaka "&DATEDIF(B2,C2,"Y")&", miezi "&DATEDIF(B2,C2,"YM")
```

Wengi huweka TODAY() mahali pa C2. Kwa orodha ya watu walio hai leo ni sawa. Kwa daftari la mahudhurio ni kosa kubwa, maana mtoto aliyepimwa uzito akiwa na miezi 9 ataonekana ana miezi 21 ukifungua faili mwaka unaofuata, na uzito ule utasomeka kama wa mtoto aliyedhoofu sana. Umri wa hudhurio uhesabiwe mpaka tarehe ya hudhurio.

Mwisho wa mwezi una utata wake. Mtoto aliyezaliwa 31 Mei 2024 anatimiza lini miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza ya surua na rubela hapa Tanzania? Februari haina tarehe 31. DATEDIF yenye "M" itasema miezi 8 tarehe 28 Februari 2025, na 9 tarehe 1 Machi. Lakini ukiomba tarehe yenyewe kwa EDATE:

```
=EDATE(B2,9)
```

utapewa 28 Februari. (Ukiona namba kama 45716, ipe seli sura ya tarehe.) Kila moja ina kanuni yake, na tofauti ni siku moja. Mimi hutumia EDATE kwa tarehe ya kumwita mtoto na DATEDIF kwa kuandika umri wake, na sichanganyi mbili hizo katika safu moja.

Lakini makosa mengi niliyoyaona hayatoki kwenye fomula, yanatoka kwenye seli ya kuzaliwa yenyewe. Kompyuta ikiwa imewekwa mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 17/08/2022 haielewi, maana hakuna mwezi wa 17, basi inaiacha kama maandishi na DATEDIF inalalamika #VALUE!. Hilo unaliona mara moja. La hatari ni 05/03/2024: inaipokea kimya kimya na kuifanya 3 Mei badala ya 5 Machi, na mtoto anapungukiwa karibu miezi miwili bila ishara yoyote. Ili kuligundua, ondoa mpangilio wa kushoto au kulia uliowekwa kwenye safu kisha itazame: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Ukikuta zenye siku ya 13 na kuendelea zote ziko kushoto na zile za 1 hadi 12 ziko kulia, jua hizo za kulia zimegeuzwa, isipokuwa zile ambazo siku na mwezi ni namba moja. Rekebisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta, kisha uziingize upya zote kutoka kwenye kadi. Ukiandika 2022-08-17, mwaka ukitangulia, mkanganyiko huo haupati nafasi.

Na ukiona mtoto mwenye miaka 125, seli yake ya kuzaliwa ni tupu. Excel imeisoma kama sifuri, ikaanza kuhesabu tangu 1900. Zuia hivi:

```
=IF(B2="","",DATEDIF(B2,C2,"M"))
```